Barua ya wazi: Saa sita za mwanafunzi asiye na mtu wa kula naye

Kwa Naibu Makamu Wakuu wa Vyuo (Taaluma), Washauri wa Wanafunzi, waratibu wa ratiba na viongozi wa serikali za wanafunzi, vyuo vikuu vya Dar es Salaam

Ndugu viongozi wetu,

Chukueni ratiba ya Jumanne ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma shahada ya sanaa na kuishi Kimara. Kipindi chake cha kwanza kinaanza saa moja asubuhi na kuisha saa tatu. Semina iko saa tisa alasiri. Hapo katikati ana saa sita. Mwenzake aliyepata chumba kwenye hosteli za chuo anarudi chumbani, anafua, anajinyoosha, anapiga soga na wa kitanda cha juu. Huyu wa Kimara hawezi kurudi, maana nauli itakuwa mara mbili na foleni ya Barabara ya Morogoro haina huruma. Maktaba imejaa. Vimbweta vina wenyewe tangu alfajiri. Hata kikiwa kitupu utakuta daftari limewekwa juu yake, na hakuna asiyejua maana yake. Basi anazunguka, anakaa chini ya mti akiperuzi simu mpaka chaji inakata, anaingia semina saa tisa kasoro dakika moja, anasaini mahudhurio, na ikiisha anawahi daladala. Siku imepita, na neno pekee alilomwambia mtu ni "nipishe".

Tunaowaandikia ni sisi tunaoendesha semina za mwaka wa kwanza na tunaokaa kwenye meza za ushauri. Hoja yetu ni moja. Upweke tunaokutana nao kwa hawa vijana, kwa sehemu kubwa, hautokani na tabia zao. Unatengenezwa na vitu viwili vinavyotoka ofisini kwenu, yaani ratiba na orodha za makundi ya semina, na vyote viwili vinaweza kubadilishwa bila kuongeza jengo wala ajira.

Tunajua jibu la kawaida: huyo hajachangamka, ni mgeni wa jiji, atazoea. Lakini mtazameni alikotoka. Wengi wao wametoka kidato cha tano na sita shule za bweni. Kule alikuwa na mkondo mmoja, watu hamsini au pungufu, dawati lilelile, bweni lilelile, foleni moja ya ugali, kwa miaka miwili. Wengine wakapitia JKT, ambako kombania inakupangia hata mtu wa kukimbia naye asubuhi. Katika maisha yote hayo hakuna aliyewahi kutafuta rafiki. Marafiki walipatikana kwa kuwa watu walewale walikutana mahali palepale kila siku bila mtu yeyote kuamua. Chuo kinaondoa mpango huo wote kwa siku moja. Anaingia ukumbi wa watu mia sita, leo anakaa na huyu, kesho na yule, na hakuna sura inayorudi mara ya pili. Kijana aliyekuwa kiranja wa bweni mwezi wa tano anageuka kuwa "mkimya" mwezi wa kumi na moja. Hakubadilika yeye.

Kuna kipimo kinachosaidia kuona ukubwa wa tatizo. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima waliohamia mji mpya na wanafunzi wapya wa chuo. Alikuta kwamba kutoka kufahamiana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki kamili kama saa 90, na rafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Tena saa za kukaa pamoja kwa sababu ya kazi au darasa hazikuwa na uzito sawa na saa za kula, kuongea na kuzurura pamoja. Ni utafiti wa Marekani, na huku kwetu watu huzoeana kwa namna yao, kwa hiyo hatuzichukui namba hizo kama sheria. Tunazichukua kama kijiti cha kupimia.

Sasa tupime. Mwanafunzi wetu ana kozi tatu za lazima zenye semina, kila moja saa moja kwa wiki, kwa wiki 15 za masomo. Jumla ni saa 45. Lakini kila idara imepanga orodha yake, hivyo semina ya kwanza anakaa na watu thelathini, ya pili na thelathini wengine, ya tatu na wengine kabisa. Kwa kila kundi anapata saa 15 kwa muhula mzima, na ndani ya saa hizo wanaozungumza ni wale wanne wanaowasilisha siku hiyo; wengine wanaandika au wanachati. Muhula ukiisha anafahamu sura tisini na hajui jina la yeyote. Muhula wa pili orodha zinapangwa upya, na anaanza sifuri. Hata mcheshi wa kuzaliwa angepata shida.

Mahali pabaya zaidi ni kazi za makundi, na hapa tunaomba mtuvumilie tukae kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoambiwa waziwazi kwamba hana watu. Mwalimu anamaliza kipindi na kusema: "Jigawieni watu kumi kumi, orodha niipate kesho." Ndani ya robo saa walioko hosteli wameshajazana. Orodha zinarushwa kwenye grupu la Watsapu la darasa, la kwanza limejaa, la pili limejaa, na wa Kimara, ambaye wakati huo amening'inia kwenye daladala na bando limekwisha, anafungua simu saa mbili usiku na kukuta nafasi zimebaki kwenye kundi la mwisho. Kundi la mwisho halina marafiki ndani yake. Ni la waliochelewa kusajiliwa, wanaorudia kozi, wanaokaa mbali, na mmoja au wawili ambao hakuna aliyewataka. Hawa hawakutani. Mmoja mwenye hofu ya sapu anaandika kazi yote usiku, wengine wanatuma mia tano mia tano za kuprinti, na majina yanawekwa juu ya karatasi. Chuo kimewapa kazi iliyokusudiwa kuwakutanisha, na matokeo yake ni muamala wa simu.

Mwalimu anaweza kuligundua kundi la mabaki bila kumuuliza mtu. Siku ya kuwasilisha, wanaingia kila mmoja kwa wakati wake na kukaa mbalimbali. Ukimuuliza wa pili kuhusu sehemu ya wa tatu, anageuka kumtafuta mwenye jina hilo ukumbini kwa sababu hamjui kwa sura.

Tunachopendekeza ni hiki. Kwa kozi za lazima za mwaka wa kwanza, pangeni orodha moja tu ya makundi ya semina, itumike katika kozi zote tatu, na ibaki ileile mihula yote miwili. Ndani ya kila kundi la watu thelathini, gaweni timu sita za watu watano watano, na kazi zote za makundi za kozi hizo zifanywe na timu hizo. Mwalimu asiseme "jigawieni" hata mara moja katika muhula wa kwanza.

Kwa nini watano? Wawili au watatu, mmoja akiugua au akikosa nauli timu imevunjika. Kumi, watatu wanafanya na saba wanabebwa. Watano wanatosha kwenye kimbweta kimoja na kila mmoja anasikika.

Tulijiuliza kuhusu gharama kabla ya kuandika. Darasa la watu 600 lenye makundi ya thelathini lina makundi 20. Kozi tatu kwa wiki ni vipindi 60 vya semina. Mpango huu unabaki na vipindi 60 vilevile, walimu walewale na vyumba vilevile. Tungependa makundi ya kumi na tano, lakini hayo yangetaka vipindi 120 na walimu wa kuvifundisha hawapo, kwa hiyo hatuombi. Kinachohitajika ni idara tatu kukubaliana orodha moja, na mratibu wa ratiba kuhakikisha kundi la saba la kozi hii halifundishwi wakati mmoja na kundi la saba la kozi ile. Kuna ugumu mmoja wa kweli: wanaosoma ualimu wana masomo mawili ya kufundishia, na wa Historia na Jiografia hawezi kufuatana na wa Kiswahili na Kiingereza. Hao wapangwe kwanza kwa masomo yao, ndipo mgawe timu. Ukianza kwa alfabeti utavunja orodha wiki ya pili, na ukishaivunja mara moja haina kazi tena.

Orodha peke yake haitoshi, kwa sababu tumeshasema saa za darasani ni nyepesi. Jambo la pili ni kuisogeza semina. Mbili kati ya tatu ziwekwe saa tano hadi saa sita mchana, na kundi zima lisiwe na kipindi kingine hadi saa saba. Hapo watu thelathini wanatoka mlango mmoja, wana njaa ya pamoja, na hakuna anayekimbilia kokote. Semina ya saa kumi jioni inafanya kinyume chake: inawatawanya kituoni.

Tuhesabu tena kwa mwanafunzi yuleyule. Saa mbili za mchana kwa wiki, mara wiki 15, ni saa 30. Kazi za timu, moja kwa kila kozi, tuseme saa nne kwa kila kazi, ni saa 12. Jumla saa 42 za kula na kubishana na watu wanne walewale, juu ya saa 45 za semina. Hatutasema kwamba kila mmoja atatoka na rafiki. Wengine watakuwa wamechokana. Lakini leo saa zake za namna hiyo hazifiki kumi.

Kuna kitu kimoja kinachoua mikutano ya mchana, nacho ni pesa. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, na inakuja kwa mkupuo wa siku 60. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mwanafunzi wa mtaani akishalipa kodi na nauli, wiki za mwisho kabla ya bumu jipya hali mchana. Ndiyo maana utamsikia anasema "nimeshiba", na anaondoka wenzake wakielekea kwa mama lishe. Wenzake wanadhani anaringa. Kwa hiyo tunaomba serikali za wanafunzi zisigeuze timu hizi kuwa vikundi vya michango: hakuna fulana, hakuna keki ya siku ya kuzaliwa, hakuna safari ya Bagamoyo. Mchango wa shilingi elfu tano ndio unaomtoa yule ambaye mpango mzima uliwekwa kwa ajili yake. Sehemu ya kukaa iwe wazi pia kwa aliyebeba chakula chake na kwa asiyekula.

Waliochelewa wana shida yao. Udahili una awamu, majina ya mikopo yanatoka kwa mafungu, na wapo wanaofika wiki ya tatu au ya nne kwa sababu ndiyo siku nauli na ada vilipopatikana. Wiki ya utambulisho imeshapita, ziara ya maktaba imeshapita. Tunachofanya sasa ni kuwakusanya wote katika kundi jipya la semina lililofunguliwa mwishoni, kwa kuwa ndivyo mfumo wa usajili unavyojaza. Ni kundi la mabaki lililotengenezwa na chuo chenyewe. Badala yake, tangu mwanzo timu zipangwe za watu wanne na nafasi ya tano iachwe wazi hadi mwisho wa wiki ya nne. Anayechelewa anaingia kwenye timu ambayo tayari inajua chumba cha semina kilipo na mwalimu anataka nini. Nafasi zitakazobaki wazi ziachwe hivyo, timu ya wanne inafanya kazi vizuri tu. Na siku moja ya wiki ya nne ifanyike utambulisho wa pili, mfupi, wa asubuhi moja, kwa hao tu.

Tunaomba pia mtumie taarifa ya makazi ambayo mwanafunzi anaijaza kwenye fomu ya usajili na ambayo baada ya hapo haisomwi na mtu. Katika kila timu, wawili angalau wawe wanakaa upande mmoja wa jiji: Kimara na Mbezi, au Sinza na Manzese, au Mbagala. Safari ya jioni ya saa nzima ndani ya daladala ni muda ambao hamkuulipia, na wawili waliobanana kwenye kiti kimoja kuanzia Ubungo wataongea. Ila hapa pana hatari, na tumeiona ikitokea vyuoni zaidi ya mara moja. Orodha yenye majina, mitaa na namba za simu ikirushwa kwenye grupu la darasa, usiku huohuo mabinti wanaanza kupigiwa na watu wasiowajua, wengi wao wa miaka ya juu. Binti akishabadilisha laini na kujitoa kwenye grupu, mmempoteza. Kwa hiyo namba zisitolewe kabisa. Wanatimu wapewe majina mawili, mahali na saa ya kukutana, na wao wenyewe waamue kupeana namba au kutopeana.

Mkitaka kuona kwamba jambo hili linafanya kazi hapa hapa, tazameni jumuiya za dini vyuoni: TMCS, USCF, CASFETA, MSAUD na nyinginezo. Hazina wanasaikolojia. Zina watu wanaompokea mgeni wiki ya kwanza, zina siku isiyobadilika na mahali pasipobadilika, na asipoonekana mara mbili mtu anamtafuta. Wengi wa wanafunzi ambao hatujawahi kuwaona kwenye meza zetu walishikwa na jumuiya hizo mapema. Lakini si kila mtu anaingia huko, na si haki mwanafunzi apate marafiki kwa sharti la ibada. Chuo kiazime utaratibu, kisiwaachie wao kazi yote.

Mtajuaje kama mpango umesaidia? Msiulize "je, wewe ni mpweke?" Kijana aliyeaga kijiji kizima kwa sherehe hatajibu ndiyo. Kuna maswali matatu mafupi yaliyotolewa mwaka 2004 kutoka kwenye kipimo kirefu cha upweke cha UCLA, nayo hayataji upweke. Kwa Kiswahili tunayauliza hivi: ni mara ngapi unajiona huna mtu wa kuwa naye, ni mara ngapi unajiona umeachwa pembeni, ni mara ngapi unajiona umetengwa na wengine. Majibu ni nadra sana, wakati mwingine, au mara nyingi, yakipewa alama 1, 2 na 3. Jumla inaanzia 3 hadi 9, na watafiti wengi huhesabu kuanzia 6 kuwa upweke wa kuangaliwa. Yaulizwe kwa karatasi ndani ya semina, bila jina, wiki ya sita na wiki ya kumi na nne. Msiyaulize wiki ya kwanza, kwa kuwa wiki hiyo kila mtu amewakumbuka wa kwao na matokeo yatawatisha bure. Namba ya kundi la semina iandikwe juu ya karatasi, hapo mtaona kundi gani limekwama. Mara nyingi mtakuta ni lile lenye semina ya jioni.

Na kuna ambacho timu haitakitibu. Aliyefiwa na mzazi mwezi wa tisa, au anayemlilia mtu mmoja aliyemwacha Songea, anaweza kukaa na wanne wachangamfu kila mchana na bado asipone. Vivyo hivyo anayekaa wiki mbili halali vizuri, hali, haogi, haji hata kwenye mtihani wa majaribio. Huyo anahitaji mshauri au daktari. Faida ya timu kwake ni ndogo lakini ipo: kuna watu wanne watakaogundua kuwa hayupo. Kila timu ijue jina la mtu wa kumwambia na ofisi yake ilipo, na mtu huyo asiwe mwalimu anayesahihisha kazi zao.

Rasimu ya ratiba huanza kupangwa kabla wanafunzi hawajafika, na ikishatoka hakuna anayekubali kuigusa. Kwa hiyo tunaomba kikao kimoja mwezi Agosti, cha mratibu wa ratiba, wakuu wa idara tatu zenye kozi za lazima na mtu mmoja kutoka ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ajenda ikiwa orodha moja ya makundi na semina mbili za saa tano. Kama mwaka mzima ni mzigo, anzeni na programu moja yenye wanafunzi wengi wanaoishi mtaani, na nyingine iendelee kama kawaida ili kuwe na cha kulinganisha. Fomu ya maswali matatu tumeshaiandaa na tutaisahihisha wenyewe.

Wenu katika kazi,

Waendesha semina na washauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dar es Salaam